Baridi Imeshaingia: machapisho matatu kabla ya tarehe 6 Juni

CHAPISHO LA KWANZA
Jumanne, 26 Mei, saa 12 na nusu asubuhi
Picha: mkono wa dereva wa bodaboda ukiwa kwenye usukani, umepigwa kwa karibu. Hakuna bidhaa pichani.

Uangalie huo mkono vizuri.

Ni wa kijana anayepaki Uyole kuanzia saa 11 alfajiri. Tulipomwomba tuupige picha alicheka: "Dada, si ungesubiri nipake mafuta kwanza?" Tukamwambia hapana, tunautaka hivyo hivyo. Kwenye vifundo ngozi imepauka utadhani kapitisha mkono kwenye gunia la sembe. Pale kidole gumba kinapokunjikia kuna mpasuko mwembamba kama mstari wa kalamu nyekundu. Anasema akiosha pikipiki kwa sabuni, pale ndipo panapomtoa machozi.

Wana Mbeya, tunajuana. Mvua zimekata, upepo umegeuka, na wewe unayesoma hapa umeshatoa lile sweta la mwaka jana. Midomo imeanza. Miguu ndiyo usiseme, soksi mpya inanasa kwenye magaga.

Wengi tunadhani tatizo ni baridi peke yake. Hewa ya baridi haibebi unyevu mwingi, na hii ya kwetu ya Juni na Julai ni kavu pia, kwa hiyo inachukua maji popote inapoyapata, hata kwenye ngozi yako. Kisha na sisi tunaisaidia: tunaoga maji ya moto kabisa, tena kwa muda mrefu kwa sababu kutoka bafuni ni adhabu, na yale maji yanaondoka na mafuta ya asili ya ngozi. Tukitoka tunajifuta mpaka tunakauka, tunavaa, tunakunywa chai, halafu ndiyo tunakumbuka kupaka. Hapo unapaka mafuta juu ya ngozi ambayo maji yameshaiaga.

Kwa hiyo leo hatuuzi kitu. Jaribu hili kwa mafuta yoyote uliyonayo nyumbani, hata ya mgando ya kawaida: oga maji ya uvuguvugu, jifute kwa kugusagusa tu, upake ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Fanya hivyo hadi Ijumaa, uje utuambie.

Wanaotufahamu kwa sabuni zetu wamekuwa wakiuliza kwa nini tangu Januari tuko kimya na kwa nini dukani kunanuka chokoleti. Swali la pili tutalijibu Ijumaa.

Wewe baridi inakuanzia wapi: midomo, mikono au visigino? Andika hapo chini. Na wa Makete tunawaombea, ninyi mko kwenye daraja lenu.

#BaridiImeshaingia


CHAPISHO LA PILI
Ijumaa, 29 Mei, saa 1 usiku
Picha: sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, kijiko cha mti, na kitu cha rangi ya maziwa kinachoyeyuka. Lebo ya kopo lililo pembeni imegeuziwa ukutani.

Visigino vimeshinda, tena kwa mbali. Mama mmoja wa Njombe ameandika kwamba mumewe analala na soksi, na siyo kwa ajili ya baridi, ni ili asichane shuka. Mama, tumecheka, ila tumekuelewa. Kamwene sana.

Sasa ile harufu ya chokoleti.

Hiyo unayoiona inayeyuka ni siagi ya kakao, na kakao yenyewe ni ya Kyela. Watu wengi wa huku wameona kakao ikianikwa barabarani maisha yao yote bila kuigusa siagi yake. Ikiwa baridi ni ngumu, inavunjika kwa mlio kama kipande cha sabuni kavu. Ukiiweka kiganjani inaanza kulainika bila moto, maana kiwango chake cha kuyeyuka kinakaribiana na joto la mwili wa binadamu. Ndiyo sababu tuliipenda, na ndiyo iliyotutesa miezi mitano.

Kopo la kwanza tulilitoa Februari tukiwa na furaha kama watu waliopata mtoto. Tukampelekea binamu yetu anayefundisha Makete, na jingine tukampa kondakta ampelekee mama mdogo Kyela. Jioni simu mbili. Binamu: "Hii ni mafuta au mshumaa? Nimechimba na kijiko." Mama mdogo: "Mwanangu, mmenitumia mafuta ya kupikia?" Kopo lilisafiri juu ya dashibodi, likafika maji matupu na nusu yake limemwagikia kwenye mfuko.

Kopo ni lile lile, mkoa ule ule au wa jirani. Makete iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki hata 500. Hakuna kiwanda cha mbali kitakachokaa kufikiria kwamba mteja mmoja anaweza kulala Makete leo na kesho akawa Matema amevaa kandambili. Hiyo kazi ni yetu.

Basi tukaongeza nta ya nyuki ili ihimili joto, na mafuta ya parachichi ili isigande ikawa jiwe. Parachichi ni za Rungwe, zile ndogo na zenye mabaka ambazo wanunuzi wa kusafirisha nje wanazikataa. Ndani hazina tofauti yoyote, zimekosa sura tu. Nta ikizidi kidogo inavuta ngozi, ikipungua tunarudi kwenye mafuta ya kupikia. Mdogo wangu ana daftari lenye mapishi 19, na 18 yamepigwa mstari. La 11 lilitoa chenga chenga kama uji uliokorogwa na mtoto. Tulikuwa tunaiacha ipoe yenyewe taratibu, na siagi ya kakao ikipoa taratibu inajikusanya punje punje. Siku hizi tunaipoza haraka kwenye beseni la maji ya bomba huku tunakoroga. Maji ya bomba ya Mbeya mwezi huu ni friji ya bure.

Na kuna aliyeuliza, kwa heshima zote, kama "itang'arisha". Hapana, dada yangu. Haina zebaki, haina haidrokwinoni, haina kitu chochote cha kubadili rangi uliyozaliwa nayo. Ukitaka mkorogo hatutakufaa, na tungependa uachane nao kabisa. Baridi ya huku kwenye ngozi iliyochunwa ni mateso mara mbili.

Jina? Kopo limegeukia ukutani kwa makusudi. Ni herufi saba, ni jina la msimu, na bibi yako analijua. Watatu wa kwanza kulipatia wana zawadi ya kopo la midomo. Jumatano tunaligeuza.

#BaridiImeshaingia


CHAPISHO LA TATU
Jumatano, 3 Juni, saa 12 na nusu asubuhi
Picha: makopo matatu juu ya ubao, lebo zinaonekana. Nyuma yake, mkono wa chapisho la kwanza umeshika kopo dogo.

KIPUPWE.

Aliyeandika "Baridi" ana herufi sita. "Masika" pia sita. Kaka mmoja wa Iringa amekomaa na "Kaskazi" na kweli ni saba, tumehesabu mara mbili, ila kaka, kaskazi ni msimu wa joto! Tumekucheka kwa upendo. Watatu waliopatia tumeshawaandikia, mmoja anasema alimpigia bibi yake simu Tukuyu. Bibi naye tumemwekea la kwake. Ndaga fijo.

Kipupwe ni makopo matatu, tunayafungua rasmi Jumamosi hii, tarehe 6 Juni, kuanzia saa 3 asubuhi, dukani kwetu Mwanjelwa, njia ya ndani nyuma ya soko, mlango wa bluu, pale pale pa sabuni.

Bei tunaiweka hapa hapa. Habari za "njoo inboksi" hata sisi zinatuchosha.

Kipupwe ya Mwili, gramu 150, shilingi 12,000. Hii ndiyo pishi la 19 la yale mapishi ya daftari. Chukua kiasi cha punje ya harage, sugua viganjani mpaka ilainike, kisha paka ngozi ikiwa na unyevu. Ukichota kama mafuta ya mgando utang'aa kama chapati na utasema ina mafuta mengi. Kosa litakuwa la mkono wako.

Kipupwe ya Visigino, gramu 80, shilingi 8,000. Ina nta zaidi, ni nzito. Loweka miguu, sugua magaga kwa jiwe taratibu, paka, vaa soksi, lala. Magaga ya miaka hayaondoki kwa usiku mmoja, na kama kisigino kimepasuka mpaka kinatoa damu au usaha, au una kisukari, anzia kwa daktari.

Kipupwe ya Midomo, gramu 10, shilingi 3,000. Inakaa mfuko wa shati. Yule kijana wa Uyole ameichukua hii akaanza kuipaka kwenye vidole, na baada ya wiki ule mstari mwekundu umefunga. Mwangalie pichani mwenyewe. Hatukumwelekeza hivyo, ila hatumkatazi.

Mambo mawili ya kuambizana mapema. La kwanza, Kipupwe si kinga ya jua. Huku tuko juu, jua linachoma hata unapotetemeka, kofia na mwavuli viendelee na kazi yake. La pili, hata kitu cha asili kinaweza kumkataa mtu. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku nzima, ukiona vipele au muwasho acha na uturudishie kopo. Hela yako utapewa.

Vipodozi nchini tangu 2019 viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Cheti chetu kitakuwa mezani Jumamosi, kishike, kisome, kipige picha.

Tumetengeneza makopo 240 tu kwa awamu hii, 80 ya kila aina. Sufuria yetu ndiyo iliyoamua idadi hiyo. Yakiisha, awamu ijayo ni baada ya wiki mbili. Hatuwekei mtu akiba bila malipo, hata shangazi zetu wamelipa.

Wa Iringa, Njombe, Makambako na Songea: tunatuma kwa basi kila Jumatatu na Alhamisi, nauli ya mzigo ni juu yako, na kondakta tunamwambia mapema kopo lisikae kwenye dashibodi. Andika hapa chini mji wako na kopo unalotaka, tutakujibu mmoja mmoja kuanzia leo jioni.

Watakaofika Jumamosi kabla ya saa 4 watakuta chai ya Rungwe kwenye chupa na beseni la maji ya uvuguvugu. Njoo na mikono yako jinsi ilivyo, usiipake kitu.

#Kipupwe #BaridiImeshaingia