Swabra, shoga yangu

Assalaam aleikum Swabra,

Ujumbe wako umenifikia usiku huu. Nimeusoma, nikaurudia, nikaurudia tena. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kukupigia, kisha nikakumbuka ulivyosema nyumba imejaa watu na huwezi kuzungumza. Basi naandika. Usijilazimishe kunijibu. Soma polepole, hata kama umejifunika shuka gubigubi na simu iko chini ya mto.

Pole sana, mwenzangu. Pole ya moyo. Hiyo C- ya mtihani wa kidato cha nne hukuitaka, na hukuitolea jasho. Ulitaka C ikupeleke chuo cha KMTC ukasomee uuguzi, na neno hilo hukulianza juzi, ulikuwa ukilisema tangu tukivaa sare za msingi. Sasa mtu anapokujia na kukwambia "mtihani si mwisho wa maisha" kabla hujafuta machozi, naelewa kwa nini unataka kumfungia mlango. Wengine watakwambia ndivyo ilivyoandikwa. Na mimi naamini hakuna lisiloandikwa, lakini naona watu wengine hulitumia neno hilo kumnyamazisha mwenye uchungu ili wao wapumzike. Wewe lia, shoga yangu. Lia leo, na kesho ukitaka. Hakuna anayekudai uso mkunjufu wiki hii, na mimi wa mwisho.

Lakini kuna sentensi moja katika ujumbe wako sikubaliani nayo. Umeandika: "Mimi kumbe kichwa sina, nilikuwa najidanganya tu."

Hapana, Swabra. Hilo wallahi silikubali.

Unakumbuka muhula wa pili, bibi yako alipopata kidonda cha mguu kwa sababu ya sukari? Mimi nilikuwa nimekuja Lamu, nikakukuta uani umeketi kwenye kigoda, mguu wa bibi uko mapajani mwako. Ulikuwa umeupima ule uvuguvugu wa maji kwa kiwiko, kwa sababu bibi mguu wake hausikii moto. Ulipomaliza kuuosha ukaukausha kwa kitambaa, katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine, ukanyanyua unyayo ukauchungulia kwenye mwanga kama kuna mkwaruzo mpya. Nikakuuliza kwa nini unahangaika na vidole wakati kidonda kiko kisigino. Ukanieleza kwamba unyevu ukibaki pale ngozi hulainika, hupasuka, na mgonjwa wa sukari jeraha dogo kama lile halimuumi kwa hiyo halijui mpaka limeoza. Kisha ukaanza kunieleza kongosho, na insulini, na jinsi ini linavyohifadhi sukari iliyozidi, na kwa nini mtu sukari ikipanda hukojoa sana na kiu haimwishi. Mimi niliyekuwa nimesoma mada hiyo hiyo darasani, siku ile ndiyo nikaifahamu.

Mtu asiyekuwa na kichwa hafanyi vile. Na kile kidonda kilifunga. Bibi mwenyewe kila akirudi kliniki pale King Fahd alikuwa akisimulia kwamba muuguzi aliyemkuta pale aliuliza ni nani anayemhudumia nyumbani.

Sasa tazama, muhula ule ule uliokuwa ukimuosha bibi mguu asubuhi na jioni, ndio muhula mlioukaa bila mwalimu wa Baiolojia. Sisemi haya ili tumtafute wa kumlaumu. Nasema kwa sababu wewe hesabu hiyo umeiacha nje kabisa, umejiandikia kosa lote peke yako. Kisha Novemba ukaingia kwenye chumba cha mtihani wa vitendo, ukasema mikono ilikuwa ikitetemeka. Karatasi ile ina alama 40 kwa saa moja na dakika 45, na mlikuwa mmegusa vifaa vya maabara mara za kuhesabika. Ni nani asingetetemeka?

Umenitumia picha ya matokeo, na nimeyakalia kwa kalamu na karatasi. Kama hutaki hesabu usiku huu, ruka aya hii, utaisoma siku nyingine. Kiswahili B, Dini B-, Jografia C, Kiingereza D+, Baiolojia D+, Hesabati D, Kemia D. Ukijumlisha pointi, 9 na 8 na 6 na 4 na 4 na 3 na 3, unapata 37 kati ya 84. C- inaishia 38. C inaanzia 39. Swabra, umeikosa C kwa pointi mbili. Na Baiolojia peke yake ikipanda kutoka D+ hadi C, pointi mbili hizo ndizo hizo hizo, jumla inakuwa 39. Diploma ya uuguzi inataka C ya jumla, C ya Baiolojia, C ya Kiswahili au Kiingereza, ambayo wewe umeshaipita kwa mbali na B yako, na C- katika Hesabati au Kemia au Fizikia. Kwa hiyo kilichosimama kati yako na ile sare nyeupe ni Baiolojia na somo moja jingine. Mimi ningechagua Kemia kuliko Hesabati, kwa sababu wewe Kemia huichukii, ila milinganyo ndiyo inakuchanganya, na milinganyo hufundishika.

Sikusukumi. Najua ukifikiria kurudia mtihani tumbo linakukaza. Watu wengi hurudia wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, bila kuvaa sare wala kukaa dawati moja na watoto wa kidato cha nne, kama hilo ndilo linalokutia haya. Usajili huwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo si jambo la kuliacha mpaka Ramadhani ipite, lakini pia si la kesho asubuhi. Na kama utaona hutaki, hiyo C- uliyonayo inatosha kuombea diploma katika vyuo vingi vya ufundi. Hilo nalitaja tu ulijue. Sidhani moyo wako uko huko, nami sitaki uingie kozi usiyoipenda kwa sababu ya kukimbia aibu ya wiki moja.

Kuhusu baba. Umesema tangu matokeo yatoke hajatamka neno, na unaona amekukatia tamaa. Swabra, baba yako lini alikuwa msemaji? Siku uliyochaguliwa kwenda sekondari alisema "vyema", akachukua nyavu zake akaenda pwani. Na kwa hizo nyavu ndiyo ada imelipwa miaka minne, pamoja na kaskazi na kusi, samaki wakiwepo na wasipokuwepo. Huenda anafikiria namna ya kusema asikuumize, nawe unafikiria namna ya kumtazama, basi nyote wawili mnapishana ukumbini mmeinamisha vichwa. Ukiweza, mpelekee kahawa yake baada ya Alasiri, ukae. Usitoe hotuba. Mwambie tu, "Baba, nimesikitika." Hilo linatosha kuanzia.

Wageni ndio kazi. Najua itakuwaje: binamu yako amepata B+, halua imeletwa, na kila anayepanda ngazi kumpongeza atakugeukia wewe na "mwenzako je, umepata ngapi?" Hulazimiki kumtajia mtu gredi yako. Sema "Alhamdulillah, naendelea na mipango," kisha inuka ukachukue sinia. Akikuuliza tena, rudia maneno yale yale, hivyo hivyo. Watu huchoka. Kumpongeza binamu yako, mpongeze kwa moyo safi, najua unampenda, lakini si lazima ukae naye siku nzima ukisikia sifa zake. Panda juu darini upumzike. Na zile stetasi za wenzetu kwenye WhatsApp, zinyamazishe kwa muda. Hakuna atakayejua, wala si husuda.

Na hili la shangazi yako kuleta habari ya posa siku mbili baada ya matokeo, limenichoma, sitakuficha. Kuolewa ni heri, na huyo kijana huenda ni mtu mwema, simjui. Lakini mtu hapelekewi neno kubwa kama lile akiwa amevimba macho. Wiki hii usiseme ndiyo na usiseme hapana. Mwambie shangazi, kwa adabu zote, "Nakuomba uniache kwanza nitulie, nitazungumza na mama." Mama yako anakujua. Mwambie kila kitu ulichoniandikia mimi, hata kile cha mwisho, kwamba unahisi kama huna faida kwa mtu yeyote. Hicho hasa. Usikibebe usiku peke yako. Kikikuzidia saa yoyote, nipigie, usijali kama nimelala, simu nitaiweka karibu na sikio na sauti iko juu.

Hapa Malindi kazi inaendelea, duka la dawa watu ni wengi msimu huu. Nimeshamwomba mwenye duka ruhusa. Nakuja Ijumaa, napanda basi la alfajiri mpaka Mokowe, halafu boti. Nikishuka Mkunguni nakuja moja kwa moja kwenu, hata nyumbani kwetu sipiti. Usinipikie kitu. Tutakwenda Shela kwa miguu ukitaka, au tutakaa tu na bibi, nimuone mguu wake. Tukitaka kuzungumza mambo ya mtihani tutazungumza, tusipotaka hatuzungumzi. Nimemuuliza pia dada mmoja ninayefanya naye kazi, yeye alirudia Kemia na Baiolojia akapita, na daftari zake bado anazo. Amesema atanipa. Nitazibeba kwenye mkoba, zitakaa humo humo mpaka wewe mwenyewe useme "hebu nione".

Umesema hujala tangu jana mchana. Mama bila shaka amekuwekea kitu jikoni. Hata kama ni mkate wa mofa na chai ya rangi, inuka ule kabla hujalala, na unywe maji. Kisha nitumie neno moja tu, "nimekula", hata bila salamu. Nalisubiri.

Wako,
Maimuna