Mkataba wa nyumba ya Kitangiri kwa maneno ya kawaida

Mama, shikamoo. Na ninyi wadogo zangu wawili, poleni na kazi za Mwaloni.

Mlinikabidhi mkataba wa pango mliokwisha kuusaini, mkaniomba niuandike kwa Kiswahili ambacho kila mmoja wenu atakisoma mwenyewe bila kumtafuta mtu wa kumfafanulia. Kazi hiyo nimeimaliza. Nilichobadilisha ni maneno tu. Nani anadaiwa nini, kiasi gani, lini, na asipotimiza itakuwaje, yote yamebaki kama mlivyoyasaini. Pale mkataba uliponyamaza, nami nimenyamaza. Sharti lililokuwa gumu kwa upande mmoja nimeliacha na ugumu wake, kwa sababu mlikubaliana pande mbili, na mimi simo katika pande hizo. Mkitaka kulilegeza, kaeni mpatane upya na kusaini.

Mkataba wa zamani ulisema "atapaswa", "atawajibika", "itampasa" na "atalazimika" kwa maana ileile moja. Mimi nimetumia "lazima" kila mahali. Nilipoandika "anaweza", ujue ni hiari: hakuna wa kumlaumu mtu akiacha kufanya. "Mwenye nyumba" ni wewe mama, uliyeitwa Mpangishaji. "Wapangaji" ni ninyi wadogo zangu wawili, mlioitwa Mpangaji kwa pamoja. Majina yenu yako ukurasa wa kwanza, sikuyagusa. Namba za vifungu ni zilezile, ili mkitaka kulinganisha msipotee.

Kifungu cha 1. Kinachopangishwa

Mwenye nyumba anawapangisha wapangaji vyumba viwili, sebule na jiko la nje. Ua, pamoja na mwamba ulioko nyuma ya nyumba, unatumiwa na wapangaji pamoja na wakazi wengine wa nyumba hiyo.

Kifungu cha 2. Muda

Mkataba unaanza tarehe 1 Machi 2025 na unaisha tarehe 28 Februari 2026. Siku hizo mbili nazo zimo.

Kifungu cha 3. Kodi

Maneno ya zamani: "Mpangaji atapaswa kulipa pango la Sh. 120,000 kwa mwezi, litakalolipwa kwa awamu za miezi mitatu mitatu, si zaidi ya tarehe tano ya mwezi wa kwanza wa kila awamu, na endapo ucheleweshaji utazidi siku saba, Mpangaji atawajibika kwa tozo ya Sh. 2,000 kwa kila siku kuanzia siku ya nane ya ucheleweshaji."

Maneno ya kawaida: Kodi ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Wapangaji lazima walipe kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, yaani shilingi 360,000. Siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 5 Machi, 5 Juni, 5 Septemba na 5 Desemba. Wakichelewa, siku 7 za kwanza za kuchelewa hazina tozo. Kuanzia siku ya 8, yaani tarehe 13, lazima walipe shilingi 2,000 kwa kila siku wanayochelewa.

Hapa nilikaa muda mrefu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "wapangaji wana hadi tarehe 12 kulipa". Inasomeka vizuri, lakini ni kosa. Siku ya kulipa ni tarehe 5, na anayelipa tarehe 9 amechelewa, ila tu hatozwi. Tofauti hiyo inaweza kuwa na uzito siku moja mkifika mbele ya baraza na kuulizwa kama kodi ililipwa kwa wakati.

Wadogo zangu, nakumbuka mlivyoniambia kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, mitumbwi inakaa nchi kavu, na fedha inarudi giza likirudi. Mliniuliza kama naweza kuandika siku ya kulipa ifuate giza. Ninawaelewa kabisa, lakini siwezi. Mwezi wa angani haufuati kalenda ya mkataba, na tarehe 5 ndiyo mliyosaini. Mwombeni mama wenyewe, naye ana hiari ya kukubali au kukataa.

Kifungu cha 4. Wapangaji wawili, deni moja

Maneno ya zamani: "Wapangaji watawajibika kwa Mpangishaji kwa pamoja na kila mmoja peke yake kwa malipo yote yatokanayo na mkataba huu."

Maneno ya kawaida: Kila mpangaji anadaiwa deni lote, si nusu yake. Mwenye nyumba anaweza kudai deni lote kwa wapangaji wote wawili, au kwa mmoja wao yeyote. Deni likishalipwa lote, hawezi kulidai tena kwa mwingine.

Mfano, ili isije kuwa mshangao: mmoja wenu akirudi Ukerewe katikati ya mkataba na kodi ya Septemba haijalipwa, aliyebaki Kitangiri anaweza kudaiwa shilingi 360,000 zote. Hawezi kujitetea kwamba yake ni 180,000. Nusu kwa nusu ni mapatano yenu ninyi wawili, na kifungu hiki hakiyagusi. Wengi husaini maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" wakidhani maana yake ni kuchangia. Ndiyo maana nimeandika waziwazi kuliko yalivyokuwa, bila kuongeza hata shilingi.

Kifungu cha 5. Matumizi ya nyumba

Maneno ya zamani: "Mpangaji hatatumia jengo, sehemu yake yoyote, wala ua kwa shughuli yoyote isiyo ya makazi."

Maneno ya kawaida: Wapangaji hawaruhusiwi kutumia nyumba, sehemu yake yoyote, wala ua kwa jambo lolote lisilo la makazi.

Mama, ulitaka niandike "hairuhusiwi kuanika dagaa uani". Sikuandika, na nakuomba unisikilize. Maneno yako yangekuwa finyu kuliko mkataba upande mmoja na mapana kuliko mkataba upande mwingine. Yangekuwa finyu kwa sababu mkataba unakataza biashara yoyote, hata cherehani ya kushonea wateja au magunia ya mkaa wa kuuza, wala si dagaa peke yake. Yangekuwa mapana kwa sababu sado moja ya dagaa wa mboga, iliyoanikwa juu ya mwamba kwa ajili ya chungu cha nyumbani, ni sehemu ya maisha ya makazi. Mkataba hauikatazi. Magunia ya kupeleka sokoni ni jambo jingine, na hayo katazo linayafikia.

Kifungu cha 6. Umeme, maji na kodi ya jengo

Maneno ya zamani: "Gharama za matumizi ya umeme na maji zitakuwa juu ya Mpangaji, kodi na tozo zote za jengo zitakuwa juu ya Mpangishaji."

Maneno ya kawaida: Wapangaji lazima walipie umeme na maji wanayotumia. Mwenye nyumba lazima alipe kodi na tozo zote za jengo.

Fupi, lakini ndani yake kuna jambo linalowagombanisha wengi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye fedha yake inayopungua kwanza. Kwa kifungu hiki, kodi hiyo ni mzigo wa mwenye nyumba, hata kama imepitia mkononi mwa mpangaji. Mkataba haukusema atairudisha lini wala kwa njia gani. Kuikata kwenye kodi ya pango hakukuandikwa, kwa hiyo sikukuandika. Hili mkae mlimalize wenyewe. Wadogo zangu, tunzeni risiti za LUKU.

Kifungu cha 7. Matengenezo

Mwenye nyumba lazima atengeneze paa, kuta, mabomba yaliyomo ndani ya kuta na nyaya za umeme. Wapangaji lazima watengeneze walichokiharibu wao au wageni wao. Balbu, vitasa na koki za maji ni juu ya wapangaji.

Kifungu cha 8. Amana

Maneno ya zamani: "Amana ya Sh. 120,000 itarejeshwa ndani ya siku kumi na nne baada ya Mpangaji kukabidhi jengo, ikiwa imepunguzwa gharama za uharibifu, isipokuwa uchakavu wa kawaida."

Maneno ya kawaida: Mwenye nyumba anashika amana ya shilingi 120,000. Lazima airudishe ndani ya siku 14 baada ya wapangaji kukabidhi nyumba. Kabla ya kuirudisha anakata gharama za vitu vilivyoharibiwa. Hakati kwa sababu ya kuchakaa kwa kawaida, yaani kule kunakotokana na kuishi tu ndani ya nyumba.

Nimeandika "kukabidhi", sikuandika "kuhama". Mtu anaweza kuhamisha godoro lake leo na funguo akakaa nazo wiki mbili. Siku 14 hazianzi na godoro. Kuhusu kuchakaa: rangi iliyopauka kwa jua ni kuchakaa, kioo kilichovunjwa ni uharibifu. Mifano hii ni ya kuwasaidia kuelewa, haimo katika kifungu.

Kifungu cha 9. Mwenye nyumba kuingia

Mwenye nyumba anaweza kuingia kukagua saa za mchana, akiwa amewaarifu wapangaji saa 24 kabla. Kukiwa na dharura, anaweza kuingia bila kuarifu.

Kifungu cha 10. Kumpangisha mwingine

Wapangaji hawaruhusiwi kumpangisha mtu mwingine nyumba au chumba chochote bila kibali cha maandishi cha mwenye nyumba.

Kifungu cha 11. Kuvunja mkataba kabla ya muda

Maneno ya zamani: "Upande wowote waweza kusitisha mkataba huu kwa kutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku thelathini."

Maneno ya kawaida: Mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba kabla haujaisha, na wapangaji nao wanaweza. Anayevunja lazima atoe taarifa kwa maandishi siku 30 au zaidi kabla.

Tumezoea kusema "notisi ya mwezi mmoja", lakini Februari ina siku 28, na siku mbili hizo ni za mtu. Kwa hiyo siku 30 zimebaki siku 30. Mkataba pia haukutaja kodi iliyolipwa mbele itakuwaje mtu akiondoka katikati ya miezi mitatu. Sikuijaza nafasi hiyo. Ninaionyesha tu, kwa sababu fedha yake ni nyingi na ni bora muizungumze mkiwa bado mnapatana.

Kifungu cha 12. Mkikosana

Mwenye nyumba na wapangaji lazima kwanza wajaribu kupatana kwa mazungumzo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wakishindwa, yeyote kati yao anaweza kupeleka shauri kwenye chombo cha sheria kinachohusika na ardhi na nyumba.

Mpaka mtakaposaini maandishi mengine, mkataba wenu ni ule wa zamani. Haya ni ya kuwasaidia kuuelewa tu. Jumapili saa kumi jioni nitakuja uani na nakala tatu. Mama asome kifungu kimoja kwa sauti kutoka mkataba wa zamani, mmoja wenu asome kilekile kutoka hapa, kisha tuulizane kama kuna aliyeongezewa au kupunguziwa kitu. Tukikuta neno lililohama, nitalirekebisha palepale kwa kalamu.