Barua kwa Dada Kabula kabla ya kurekebisha rangi ya nywele

Nansio, Ukerewe
24 Novemba 2025

Dada Kabula,

Habari za kazi, na poleni na joto la mjini. Mimi ni Mama Esta wa Nansio, niliyekupigia simu kuhusu nywele zilizochanganyika rangi, ukaniambia nikuandikie historia yake yote kabla sijavuka kuja Mwanza. Barua hii anakuletea mpwa wangu Doto, pamoja na bahasha ndogo ambayo nitaieleza huko chini.

Kwanza kabisa: nina mzio wa PPD, ile kemikali iliyomo kwenye piko na kwenye rangi nyingi za boksi za kudumu, hasa nyeusi na kahawia. Mwezi wa nne mwaka huu nilipakwa kahawia ya boksi, na kesho yake asubuhi macho yalikuwa hayafunguki, masikio yamevimba, nyuma ya shingo panatoa maji. Daktari wa ngozi alinikataza PPD moja kwa moja, akaniambia kuna kemikali za jamii yake zinazoweza kunifanya vilevile, kwa hiyo boksi lililoandikwa "haina PPD" peke yake halinitoshi. Najua wasusi wengi wakiona kichwa cha namna hii hukifunika kwa nyeusi yaishe. Kwangu njia hiyo haipo, hata kwa ncha tu.

Sasa historia. Dawa ya kunyoosha niliacha 2021, na nywele zote zilizokuwa na dawa nilishazikata, kwa hiyo hapo usiwe na wasiwasi. Mwaka 2023 nilikuwa nikipaka hina ya unga, ya majani, naikoroga kwa chai ya rangi na ndimu. Baadaye nikaanza kuweka piko juu ya ile hina. Kila nikiweka, kichwa kiliwasha siku mbili tatu kisha kinatulia. Katikati hapo niliwahi pia kutumia hina nyeusi ya pakiti, na hiyo ndiyo inayonitia mashaka. Hina ya majani peke yake haitoi weusi. Pakiti ya aina hiyo huwa imeongezwa kitu, ama PPD ama chumvi za madini, na nimesikia kwamba chumvi hizo zikikutana na peroksidi nywele hupata moto na kuyeyuka. Pakiti ninayo bado, Doto atakupa uisome.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilienda saluni moja kupaka blichi kichwa kizima. Walianzia kwenye mashina wakashuka hadi ncha, wakaacha vyote muda mmoja. Joto la ngozi ya kichwa likaharakisha mashina yakawa manjano, katikati pakagoma kwenye rangi ya chungwa, na ncha, zenye hina na piko, zikabaki nyekundu iliyokolea. Kahawia ya mwezi wa nne ilikuwa ya kufunika hayo yote. Imeshatoka kwa kuoshwa, na tangu hapo sijaweka rangi yoyote.

Nywele nikizivuta zinafika mabegani. Kutoka kwenye ngozi kuna kama sentimita 7 za nywele zangu za asili, nyeusi, nzima. Zinafuata sentimita 3 hivi za manjano. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, maana linazunguka kichwa kama mkanda na hata nikifunga kitenge linachungulia kwenye paji la uso. Kisha chungwa kama sentimita 9, na ncha nyekundu nyeusi sentimita 7 au 8. Upande wa mbele umepauka zaidi kwa sababu nashinda ufukweni nikianika dagaa, na jua la pale halina huruma.

Unywele wa kwenye mashina nikiulowesha na kuuvuta unarudi. Wa kwenye mkanda wa manjano unavutika, unavutika, haurudi, na ukiendelea unakatika. Huku mbele, kwenye kingo, nywele ni chache kwa sababu ya rasta zilizobana. Rasta nimeshafumua na sitasuka tena mpaka nikuone. Pasi ya nywele sijagusa tangu Septemba.

Ndani ya bahasha kuna vifungu vitatu nilivyokata kwa mkasi nyuma ya kichwa, mahali pasipoonekana: uzi mweupe ni nywele za asili, uzi wa bluu ni manjano pamoja na chungwa, uzi mwekundu ni ncha. Naomba uvifanyie majaribio kabla sijafika. Ule wa uzi mwekundu uuloweke kwenye peroksidi ya voliumu 20 yenye matone ya amonia kwa nusu saa, uone kama unapata joto, kutoa povu au moshi. Unywele huo ukifanya hivyo, tujue kabisa kwamba blichi isikaribie ncha zangu.

Ninachotaka ni nywele za asili zibaki zilivyo, usiziguse, na kuanzia hapo kushuka chini iwe kahawia moja iliyokolea, namba 4 hivi kwenye kadi ya rangi, isiyo na wekundu wala chungwa linalong'aa. Weusi wa mashina uingie taratibu kwenye kahawia, pasionekane mstari. Nafikiri hilo linawezekana kwa rangi ya muda isiyochanganywa na peroksidi, mradi tumesoma viungo vyake vyote na hakuna PPD wala jamii yake. Najua itapauka kwa kuoshwa na itabidi irudiwe. Nipo tayari. Ule mkanda wa manjano nadhani utahitaji kurudishiwa kwanza rangi ya joto, maana kahawia ikiwekwa juu ya manjano matupu hugeuka kijani kibichi. Hapo wewe ndiye mwenye jicho.

Sitaki blichi tena kwenye manjano na chungwa. Ncha, kata sentimita 4 bila kuniuliza. Zilizobaki kama hazifiki kahawia sawasawa, ziache na giza lake, tutazipunguza kidogo kidogo. Harusi ya mdogo wangu ni tarehe 27 Desemba, lakini ikibidi nitaenda nimefunga kilemba kuliko kwenda na nywele zilizokatika.

Nitavuka Alhamisi tarehe 4 Desemba. Siku hizo mwezi ni mkubwa, mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani, kwa hiyo biashara imelala na sina haraka ya kurudi. Siku hiyohiyo nipake tone la rangi nyuma ya sikio na jingine kwenye kiwiko kwa ndani, tusubiri saa 48, na Jumamosi tarehe 6 tufanye kazi yenyewe kama ngozi iko salama. Nikiwashwa, hata kidogo, tunaacha. Nitalala kwa shangazi Kirumba, kwa hiyo Jumamosi hata ukinishikilia mpaka jioni ni sawa.

Nimetenga shilingi laki mbili kwa siku hiyo, pamoja na stimingi. Kama haitoshi, mwambie Doto kiasi kamili na jina la rangi unayofikiria, anipigie akiwa bado hapo kwako. Na picha ya viungo vya boksi anitumie, nimwonyeshe daktari kabla ya kupanda meli.

Wasalimie wote hapo saluni.

Wako,
Mama Esta