Kwaheri mwalimu wetu wa udi

Asalam aleikum mwalimu, shikamoo. Kama nlivokwambia pale Langoni, baba watoto kapata kazi Mombasa, jumamosi tunavuka Mokowe tupande basi kwa hivo masomo ndo yaishia hapa. Wallahi sijui nikushukuru vipi, huyu kijana alikuwa hata kulinganisha nyuzi hajui, sasa uzi ukikatika aufunga mwenyewe na kuukaza kwa sikio bila kutizama simu, na ule mkono wa kulia ulokuwa mgumu kama kasia umelainika kabisa. Pesa ya mwezi huu nshatuma kwa M-Pesa, ile ilozidi usirudishe tafadhali (nakujua wewe). Atakuwa akikurikodia umkosoe. Tusamehe tulipokukosea, na ukija Mombasa ufikie kwetu, si hotelini.