Malalamiko kuhusu intaneti ya kasi ndogo na ombi la kutumiwa fundi, Migosi, Kisumu

Mtaa wa Migosi,
Kisumu.

3 Julai 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kisumu.

Bwana/Bibi,

KUH: KASI NDOGO YA INTANETI YA FAIBA TANGU MEI 2025, AKAUNTI NAMBARI 770418

Mimi ni mteja wenu tangu Agosti 2024. Nina saiba hapa Migosi na nalipia Mbps 30 kwa shilingi 3,000 kila mwezi. Sijawahi kuchelewesha malipo hata mwezi mmoja. Kwa miezi tisa ya kwanza huduma ilikuwa nzuri, na niliwaletea majirani wawili.

Mambo yaliharibika katikati ya Mei. Lori lililobeba mawe ya ujenzi lilinasa waya wa faiba unaovuka barabara kuja kwangu, likaukata. Mafundi wenu walifika siku hiyohiyo, na kwa hilo nawashukuru. Lakini waliunga waya palepale kando ya nguzo, wakazungushia kiungo utepe mweusi wa umeme na kukiacha kikining'inia nje bila kisanduku. Walisema wangerudi kukimaliza. Hawajarudi.

Tangu hapo, kila mvua ikinyesha intaneti inakaribia kufa. Nanyi mwajua mvua za Kisumu: jua kali mchana kutwa, jioni radi na maji. Wateja wangu wengi huja jioni hizohizo, baada ya kazi na shule.

Nimepiga simu tarehe 19 Mei, 4 Juni, 17 Juni na 28 Juni. Kila mara naambiwa nizime ruta, nihesabu dakika mbili, niwashe. Nimefanya hivyo mara nyingi mno. Baada ya simu ya tarehe 17 nilitumiwa ujumbe kwamba tatizo limetatuliwa, ilhali hakuna aliyefika hapa wala aliyeniuliza lolote.

Kwa hiyo nimepima mwenyewe. Vipimo vyote nilivifanya kwa kompyuta moja iliyochomekwa kwenye ruta kwa kebo, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, ili nisiambiwe kwamba shida ni Wi-Fi au wingi wa watumiaji. Mchana wa tarehe 24 Juni, kukiwa kukavu, nilipata Mbps 23.6. Jioni yake, nusu saa baada ya mvua, 3.1. Tarehe 28 jioni ilikuwa 1.8, na kati ya pakiti 100 nilizotuma, 19 zilipotea:

```
ping -n 100 8.8.8.8
Packets: Sent = 100, Received = 81, Lost = 19 (19% loss)
```

Dakika hiyohiyo nilipima kutoka kompyuta hadi kwenye ruta, 192.168.1.1, na haikupotea hata pakiti moja. Vifaa vyangu ni vizima.

Kipimo ninachoomba mkiangalie kwa makini zaidi ni nguvu ya mwanga, inayoonekana kwenye ukurasa wa ruta. Siku niliyounganishiwa huduma ilikuwa -19.8 dBm, fundi wenu mwenyewe alinionyesha, nikaipiga picha, akaniambia isishuke chini ya -27. Tarehe 28 Juni baada ya mvua ilikuwa -28.9. Maana yake mwanga unaonifikia ni kama sehemu moja kwa nane ya ule wa awali. Tarehe 1 Julai, kukiwa kukavu, ilipanda hadi -25.7. Naamini maji yanaingia kwenye kile kiungo, na kuzima ruta hakuwezi kukausha waya ulio juu ya nguzo.

Hasara yake si ndogo. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, mvua ilinyesha saa kumi na moja jioni nikiwa na foleni ya watu kumi na wawili. Ukurasa wa iTax haukufunguka. Niliwaomba radhi mmoja mmoja na kuwaelekeza Kondele, na baadhi yao ni wazee waliotembea kwa miguu wakihofia faini ya shilingi 2,000.

Naomba mnitumie fundi kabla ya tarehe 11 Julai, aje na kipima mwanga, ngazi na vifaa vya kuunganisha faiba upya, ikiwezekana abadilishe waya wote kutoka nguzoni. Nipo kuanzia saa mbili asubuhi. Naomba anipigie siku moja kabla kwa nambari iliyo kwenye akaunti. Asiondoke kabla hatujapima pamoja. Naomba pia mnipunguzie bili kwa siku ambazo sikupata huduma niliyolipia tangu Mei.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaostahili. Nikikosa jibu kufikia tarehe hiyo, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Ningependa zaidi tuyamalize hapa Kisumu.

Wenu mwaminifu,

Akoth
Mwenye akaunti

Viambatisho: picha 14 za vipimo vya kasi (24 Juni hadi 1 Julai), picha 3 za nguvu ya mwanga, picha ya kiungo kilichoko nguzoni, nakala ya ujumbe wa 17 Juni, na stakabadhi za malipo za Mei na Juni.