Neno langu la mwisho kabla sijaondoka Mtwara

Habari za jioni wanangu, na shikamoo kwa wale wawili mlionizidi umri. Mshasikia kwamba naondoka, ni kweli, mkataba umeisha na mama yangu kule Njombe hawezi tena kukaa peke yake, kwa hiyo Jumamosi alfajiri napanda basi. Nilitaka kuwaambia haya uso kwa uso lakini nusu yenu mko Masasi na Newala kwenye vituo vyenu vya kazi, na nikisimama kusema najua nitalia, basi acha niandike.

Kwanza ya kiofisi tuyamalize. Wote saba mmepita, wanne mna marekebisho madogo, watatu makubwa, na mtahini wa nje hajawaonea, nimesoma maoni yake mara mbili. Msimamizi mpya ameshakabidhiwa rasimu zenu pamoja na maandishi yangu ya pembeni, muwahini mapema, msisubiri wiki ya mwisho ndo muanze kumpigia usiku. Ukirekebisha, tengeneza jedwali, upande mmoja alichosema mtahini, upande wa pili ulichofanya na ukurasa gani. Pale msipokubaliana na mtahini msinyamaze, andikeni sababu kwa heshima, hiyo kazi ni yenu na mnaijua kuliko yeye.

Sasa lile ninalotaka kulisema kweli.

Wewe wa Tandahimba, unakumbuka ulivyoniletea chapta ya nne mara ya kwanza? Majedwali yamepangwa vizuri, SPSS imetoa kila kitu, na wakulima karibu wote "wanaridhika" na stakabadhi ghalani. Nikakuuliza mbona hakuna hata mmoja anayelalamika, na mfumo huu uko hapa Mtwara tangu msimu wa 2007/2008, watu wameshapitia minada ya kila aina, wamepitia na ule mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba, haiwezekani wote waseme ndiyo tu. Ulikasirika, niliona. Lakini ulirudi kijijini, ukaliacha dodoso kwenye begi, ukakaa chini na yule bibi ukamsaidia kunyonyoa korosho kwenye mabibo mpaka vidole vikanata, na hapo ndipo akakwambia kwamba korosho zake za mwaka ule hazikufika hata ghalani, zilikuwa za kangomba tangu masika, alishachukua hela ya chakula na ya mjukuu wa shule, msimu ulipofika akawa anapima kulipa deni. Kwenye dodoso lako alisema ndiyo kwa sababu ulikuja na mwenyekiti wa kijiji na shati jeupe. Yaani jedwali zima lilikuwa linapima adabu ya wenyeji kwa mgeni!

Ile ndo siku uliyofanya utafiti. Na msiseme kangomba ni wizi tu ikaisha, tafadhali, andikeni pia kwamba mwezi wa tatu hakuna mnada na njaa haisubiri Oktoba.

Na wewe dada wa unyago, najua bado unaona kazi yako ina pengo. Ulikaa na wale manyakanga wiki kadhaa, wakakuamini, wakakwambia mambo ya ndani, halafu ukaniuliza uyaweke au usiyaweke maana yangeifanya chapta iwe nzito. Tulikaa chini ya ule mwembe mpaka magharibi. Ukaamua kuyaacha, ukaandika tu yanayohusu mahudhurio ya shule na likizo na kwa nini wazazi wengine hawangoji likizo. Mtahini kakuuliza mbona sehemu hiyo fupi. Mjibu hivihivi, kwamba waliniambia kama mwanao na sikupewa ruhusa ya kuyaandika. Mimi kwangu hiyo ndo sehemu bora ya kazi yako na haimo kwenye karatasi.

Kaka yangu wa Msimbati, nakuomba msamaha. Mwaka jana nilikulazimisha uondoe kurasa tisa za historia ya wavuvi ulizopewa na wazee, nikasema haziendani na lengo mahsusi la pili. Nilikosea. Huwezi kueleza kwa nini wavuvi wanailalamikia hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2000 kama hujasema kwanza walikuwa wanavua wapi na nyavu gani kabla ya hapo. Nimemwandikia msimamizi mpya kwamba ni mimi niliyekosea sio wewe, zirudishe, ila zikate ziwe nne hivi, maana zile hadithi za babu yako mzaa mama ni nzuri ila ni za familia.

Kuna neno moja mnalitumia wote kwenye tafsiri na linanikera. Mtu wa Kitangari anakwambia "hela zimelala ghalani", wewe unaandika kwa Kiingereza kwamba malipo yalichelewa. Sawa, yalichelewa. Lakini yeye kasema zimelala, maana yake zipo, anaziona, haziamki. Wekeni maneno ya watu kama walivyoyasema, Kiswahili hichohicho, au Kimakonde, ndo mtafsiri chini yake. Tasnifu imeandikwa kwa lugha ambayo waliowapa majibu hawaisomi, basi angalau wajikute humo.

Na ndo maana ombi langu kubwa ni hili, rudini. Sio lazima warsha na maji ya chupa. Andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, umetafuta nini, umekuta nini, unashauri nini, omba nafasi dakika ishirini kwenye kikao cha kijiji au mkutano wa AMCOS, wasomee, wakubishie. Mimi nilivyofanya yangu ya uzamivu sikurudi. Miaka sita baadaye nikakutana na mzee mmoja stendi, akaniuliza "yale uliyoandika yalienda wapi mwanangu", sikuwa na jibu, na lile swali nimekuwa nalo mpaka leo.

Fomu za ridhaa zenye alama za dole gumba zifungieni, msiziache steshenari mkienda kutoa kopi. Sauti za mahojiano zitoeni kwenye simu, simu zinaibiwa. Deta ziwe sehemu mbili, sio flashi moja tu, mnajua kilichompata mwenzenu mvua zilipokata barabara ya Somanga Mei 2024, begi likalowa na flashi ndani yake, tukaanza upya kuingiza madodoso mia na ishirini kwa mkono, siku nne, na nyie wenzake mlikuja kumsaidia bila kuitwa. Sijasahau hilo.

Mkitaka kuchapisha makala, jina lako linatangulia. Mtu yeyote akikwambia atangulie yeye kwa sababu ana cheo, nipigie. Barua za mapendekezo nitaandika popote nilipo, namba yangu haibadiliki, ila niambieni wiki mbili kabla.

Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri nipo ofisini. Kwenye boksi karibu na mlango kuna rasimu zenu zote tangu proposo ya kwanza, zenye wino wangu mwekundu, kila mtu achukue zake. Vitabu vya takwimu mgawane wenyewe, kile kikubwa cha bluu ni cha yule wa Tandahimba, nilimuahidi. Nitachemsha chai na kuna mihogo ya nazi kutoka kwa mama jirani, mje na vikombe maana vyangu nimeshafunga. Saa kumi na mbili namrudishia mlinzi funguo.