Nikipanda ngazi mapigo yanafika 142: ni mwili kukosa mazoezi?

SWALI

Shikamoo daktari. Nina miaka 38, kilo 68, naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Lifti ya jengo letu iliharibika mwezi uliopita na ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Nikifika juu nahema hadi nashindwa kuitikia salamu, na saa yangu inaonyesha mapigo 142. Nikisimama dakika moja yanashuka hadi 112. Asubuhi kabla sijatoka kitandani huwa 76. Kijana tunayekaa naye meza moja, mcheza mpira, hufika juu na 120 tu. Sina presha wala situmii dawa yoyote, ila tangu niache sindano ya uzazi wa mpango siku zangu zinatoka nyingi, hadi siku nane, na mwezi huu nimechoka sana. Mume wangu anasema ni uvivu wa mwili, mama anataka nikapime moyo. Nimsikilize nani?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hiyo 142 peke yake haisemi kwamba mwili wako ni dhaifu. Kupanda hadi ghorofa ya nne ni kuunyanyua mwili wako wote, kilo 68 na mkoba juu yake, kiasi cha mita 12 ndani ya dakika moja hivi. Mapaja na makalio ndiyo misuli mikubwa kuliko yote mwilini, na yote inadai hewa ya oksijeni kwa pamoja, bila kupasha mwili joto kwanza. Moyo usipokwenda mbio hapo, utaipeleka vipi damu? Hata mkimbiaji wa marathoni mapigo yake hupanda kwenye ngazi.

Kwa makadirio ya kawaida, mapigo ya juu kabisa ni 220 ukitoa umri, kwako 182, ingawa kanuni hiyo hukosea kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Kwa hiyo ulifika kama asilimia 78. Hiyo ni kazi nzito, lakini ni ya kawaida kwa ngazi.

Mcheza mpira wako mwache. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Tena hujui kama mlipanda kwa mwendo mmoja. Na saa za mkononi husoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Mkono ukitikisika au mkanda ukilegea, namba hudanganya. Weka vidole viwili, si dole gumba, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Usihesabu dakika nzima, maana mapigo yanashuka huku unahesabu.

Kinachonipa habari zaidi ni kule kushuka. Umetoka 142 hadi 112, mapigo 30 kwa dakika moja, na hilo linanifurahisha. Kwenye vipimo vya kukimbia juu ya mashine, daktari huanza kujiuliza mapigo yakishuka 12 au chini ya hapo katika dakika ya kwanza. Ngazi za ofisini si kipimo cha hospitali, lakini wewe uko mbali na hapo. 76 ya kitandani nayo iko ndani ya 60 hadi 100 ya kawaida.

Mumeo ana ukweli kidogo: mtu wa kukaa kutwa hukosa pumzi, na ngazi hizo hizo zitakurudishia. Panda kwa mwendo wa kuweza kuongea, na baada ya wiki sita pima tena ukipanda kwa kasi ile ile.

Lakini habari ya siku zako na uchovu imenigusa kuliko namba zote. Hedhi nyingi ya siku nane inaweza kukupunguzia damu, na uchovu huweza kuwa dalili yake; damu ikipungua moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kubeba oksijeni ile ile. Nenda kituo cha afya wiki hii upimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na ujauzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Wakupime ujauzito pia, kwa kuwa umeacha sindano, na uwaeleze habari ya hedhi yenyewe. Usianze kumeza vidonge vya damu kabla ya majibu.

Mama naye usimpuuze. Ukibanwa kifua, ukizimia au kukaribia kuzimia, moyo ukirukaruka bila mpangilio, au ukihema ukiwa umekaa, usisubiri wiki: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa hakuna hata kimoja, anza na kidole kwenye maabara, na majibu yakitoka niandikie namba.